Kilomita Elfu Moja Ndani ya Punje ya Shaba

Kata kipande cha waya mnene wa shaba, ule wa uzi mmoja unaotumiwa kutandaza umeme majumbani, uvue plastiki kisha uupinde. Mara ya kwanza utajipinda bila shida. Unyooshe, halafu ujaribu kuupinda tena palepale. Safari hii utakataa, na mkunjo mpya utahamia pembeni, kwa sababu pale palipopindwa pamekuwa pagumu kuliko jirani yake. Ukiendelea kuulazimisha, mwishowe utakatika. Lakini ukiuweka motoni mpaka uive wekundu, kisha ukauacha upoe, unarudi kuwa laini kama ulivyotoka kiwandani. Wafua shaba wanalijua hili tangu zamani: hufua, hupasha moto, hufua tena, na fundi asiyefuata utaratibu huo huona chombo chake kikipasuka mikononi.

Katika mzunguko huo wote hakuna kilichoongezwa kwenye shaba wala kilichopunguzwa. Atomi ni zilezile. Kilichobadilika ni namna zilivyopangwa, na mabadiliko hayo ni madogo mno kuonekana kwa hadubini ya kawaida ya mwanga. Maabara za metali huyatazama kwa vyombo viwili vinavyotumia elektroni. Cha kwanza ni hadubini ya elektroni za kupenya, ambayo wataalamu huiita TEM. Cha pili ni mbinu ya kusoma difraksheni ya elektroni zinazorudi nyuma kutoka kwenye uso wa metali, inayojulikana kama EBSD. Mara nyingi vyombo hivi hutajwa pamoja kana kwamba kimoja ni toleo jipya la kingine, na sivyo ilivyo. Kila kimoja kinaona kitu ambacho mwenzake hawezi kukiona, na mtafiti anayetegemea kimoja tu anaweza kupata jibu lililokosewa mara kadhaa asitambue.

Kasoro inayoipa metali ulaini

Shaba ni fuwele. Atomi zake zimejipanga safu kwa safu na tabaka juu ya tabaka, kwa utaratibu unaojirudia. Metali inapopinda, tabaka moja la atomi huteleza juu ya jingine. Mwaka 1926 mwanafizikia Mrusi Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika ili tabaka zima liteleze kwa mara moja juu ya mwenzake. Jibu alilopata lilikuwa kubwa kupita kiasi. Fuwele halisi ya shaba safi huanza kuteleza kwa nguvu iliyo chini ya hiyo kwa maelfu ya mara. Kwa hesabu ile, waya wa shaba usingepaswa kupindika kwa mikono.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1934, kutoka kwa watu watatu waliofanya kazi mbalimbali: Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi. Walisema tabaka haliteleze lote kwa mpigo. Mtu anayetaka kusogeza zulia zito sebuleni halivuti lote. Hutengeneza mkunjo upande mmoja, akausukuma mkunjo huo mpaka upande wa pili, na zulia likawa limesogea. Ndani ya fuwele, mahali pa mkunjo ule hushikwa na kasoro yenye umbo la mstari, ambapo atomi za tabaka la juu hazikukutana sawasawa na za tabaka la chini. Mstari huo ndio mtenguko. Ukipita kutoka upande mmoja wa fuwele hadi mwingine, huacha nusu moja imesogea kwa hatua moja ya atomi. Katika shaba hatua hiyo ni nanomita 0.256, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hatua hiyo pamoja na mwelekeo wake huitwa vekta ya Burgers. Ndiyo kitambulisho cha mtenguko, na tutaihitaji baadaye.

Kwa hiyo mtenguko ndio unaoifanya metali iwe laini. Ugumu huja mitenguko inapokuwa mingi kiasi cha kuzuiana njia. Kila unapopinda waya huzaliwa mingine, na mipya hukwama kwenye ya zamani. Wingi wake hupimwa kwa kujumlisha urefu wa mistari yote iliyomo katika ujazo fulani. Katika shaba iliyolainishwa kwa moto, milimita moja ya ujazo, yaani punje ndogo ya milimita moja kila upande, huwa na mitenguko ya urefu wa kati ya mita kumi na kilomita moja. Katika shaba iliyofuliwa au kubanwa sana, punje ileile hubeba kilomita elfu moja.

Kuiona mistari yenyewe

Kwa zaidi ya miaka ishirini mitenguko ilibaki kuwa nadharia iliyoeleza mengi bila kuonekana wazi machoni. Hadubini ya elektroni ilikwishaanza mwaka 1931 huko Berlin kwa kazi ya Max Knoll na Ernst Ruska, lakini tatizo lilikuwa unene. Elektroni haziwezi kupenya kipande cha kawaida cha metali. Mwaka 1956, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, Peter Hirsch, Robert Horne na Michael Whelan walitayarisha alumini nyembamba kiasi cha kupenywa, wakaona mistari myeusi iliyokuwa ikisogea mbele ya macho yao. Mwaka huohuo Walter Bollmann alionyesha mistari ya aina hiyo katika chuma cha pua huko Geneva. Kilichokuwa hesabu za karatasini kikawa kitu cha kutazamwa kikitembea.

Hadi leo sehemu ngumu ya kazi hii ni kupata wembamba huo bila kuijeruhi metali. Kwa shaba, mtayarishaji hukata kijipande chembamba kwa msumeno wa taratibu, hukisugua hadi kifikie kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kisha hutoa kisahani chenye kipenyo cha milimita 3, kwa kuwa ndicho kinachoingia kwenye kishikizo cha hadubini. Kisahani hicho huwekwa katikati ya mirija miwili inayokirushia mchanganyiko wa asidi ya nitriki na methanoli uliopozwa chini ya sifuri, huku umeme ukipita. Shaba huyeyuka polepole kutoka pande zote mbili. Kinapotoboka katikati, taa iliyo upande wa pili hupenyeza mwanga, na mashine husimama yenyewe. Tundu lenyewe halina kazi. Kinachotakiwa ni ukingo wake, ambako shaba imebaki na unene wa nanomita mia moja hivi.

Ndani ya hadubini, elektroni husukumwa kwa volti 200,000. Zinapokutana na matabaka ya atomi kwa pembe maalumu, hugeuzwa na kutoka nje ya njia yake. Pembe yenyewe ni ndogo sana, kama theluthi moja ya nyuzi kwa matabaka yaliyosongamana zaidi katika shaba. Mtaalamu huinamisha kisahani mpaka matabaka ya aina moja tu yakaribie pembe hiyo bila kuifikia. Elektroni nyingi hupita moja kwa moja, na picha huwa nyeupe. Lakini karibu na mtenguko matabaka yamepindika kidogo, na mpindo huo huyafikisha kwenye pembe kamili. Elektroni za hapo hutupwa pembeni, kizuizi kidogo huzinasa, na kwenye picha hubaki mstari mweusi. Mstari huo basi si safu ya atomi unayoiona. Ni kivuli cha mpindo uliozunguka mtenguko, chenye upana wa kama nanomita kumi. Mwaka 1969 David Cockayne, I. L. F. Ray na Michael Whelan walionyesha namna ya kutumia elektroni chache zilizotupwa mbali zaidi ili kupata mstari wa nanomita moja na nusu tu. Kwa wembamba huo ikawezekana kuona kwamba mtenguko wa shaba umegawanyika kuwa nusu mbili zinazokwenda sambamba.

Sasa turudi kwenye kitambulisho. Matabaka hupindwa na mtenguko pale tu hatua ya Burgers inapoyasukuma juu au chini. Ikiwa hatua hiyo imelala ndani ya matabaka yenyewe, yanateleza bila kupinda, na mstari hutoweka kwenye picha ingawa mtenguko bado upo. Wataalamu huandika sharti hilo kwa kifupi: g·b = 0, ambapo g huwakilisha matabaka yaliyochaguliwa na b ni vekta ya Burgers. Mtu huinamisha kisahani mara kadhaa, kila mara akichagua matabaka mengine, na kuandika ni lini mstari uleule unaonekana na ni lini unapotea. Tuseme umepotea kwa matabaka ya 002, ukapotea tena kwa yale ya 1-11, lakini kwa 200 ukaonekana wazi. Hatua yake lazima ilale ndani ya aina zote mbili za matabaka yaliyouficha, na matabaka ya aina mbili hukutana katika mwelekeo mmoja tu. Hapa mwelekeo huo ni 110. Shaba ina mielekeo sita ya namna hiyo, na sasa tumejua ni upi kati ya sita. Hakuna chombo kingine kinachotoa utambulisho huu wa mstari mmoja mmoja kwa uhakika kiasi hiki.

Kuna mtego katika hatua hiyo. Baadhi ya mitenguko huacha alama hafifu, mara nyingi kama mistari miwili iliyofifia, hata pale ambapo hesabu inasema ipotee. Asiyezoea huiandika kuwa inaonekana, akakosea mwelekeo. Ndiyo sababu mtu makini hatosheki na picha mbili. Huongeza ya tatu na ya nne mpaka majibu yote yakubaliane.

Mpaka mkubwa zaidi wa TEM ni ufinyu wa eneo. Sehemu inayotazamika vizuri inaweza kuwa na upana wa mikromita kumi kwa kumi na unene wa nanomita mia moja, na mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Katika shaba iliyofuliwa sana, ujazo huo una sentimita nzima ya mitenguko, iliyolaliana kiasi kwamba kuhesabu mmoja mmoja ni taabu. Katika shaba iliyolainishwa vizuri, ileile sehemu ina wastani wa sehemu moja ya kumi ya mikromita, yaani karibu haina chochote. Mtafiti anayeona picha tupu hawezi kusema shaba haina mitenguko. Anachoweza kusema ni kwamba dirisha lake halikuangukia penye mmoja. Zaidi ya hayo, katika utando mwembamba hivyo mitenguko iliyo karibu na uso huponyoka na kutoweka, na kisahani kikipindwa kidogo kwa kibanio huzaliwa mipya. Iliyotokana na kibanio mara nyingi hutambulika kwa kujipanga katika safu ndefu zilizonyooka zikitokea ukingoni, na kwa kutoonekana kwenye visahani vingine vya shaba ileile.

Kusoma ulalo wa chembe

Kipande cha shaba si fuwele moja. Ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizobanana, ziitwazo chembe, mara nyingi zenye upana wa mikromita kumi hadi mia. Ndani ya kila chembe safu za atomi zimelala upande wake, na penye mpaka wa chembe mbili ulalo hubadilika ghafla. Ulalo huo ndio unaoamua ni matabaka yapi yatateleza kwanza metali ikivutwa, na kwa hiyo chembe mbili jirani zinaweza kuitikia mvuto mmoja kwa namna tofauti kabisa.

EBSD imejengwa kwa ajili ya kusoma ulalo huo. Chanzo chake ni Japani, mwaka 1928, ambapo Seishi Kikuchi aliona kwamba elektroni zinazotawanyika ndani ya fuwele huchora mistari na mikanda inayofuata matabaka ya atomi. Mikanda hiyo hubeba jina lake hadi leo. Mwaka 1973 John Venables na Chris Harland waliipata ndani ya hadubini ya elektroni ya kuchanganua uso, na miaka ya mwanzo ya 1990 kompyuta zikaanza kuisoma zenyewe, nukta baada ya nukta, bila mtu kukaa akipima pembe.

Kipande cha shaba hapa hakihitaji kuwa chembamba. Huinamishwa nyuzi 70, uso wake ukitazama kiwambo kinachong'aa kinapopigwa na elektroni, na nyuma ya kiwambo kuna kamera. Mwali wa elektroni za volti 20,000 hugusa nukta moja. Elektroni zinazorudi huchora kwenye kiwambo mikanda inayokatana. Kila mkanda ni kundi moja la matabaka, na pembe kati ya mikanda ni pembe kati ya matabaka hayo. Kompyuta hutafuta mikanda kwa hesabu ya Hough, hulinganisha pembe na zile zinazojulikana za shaba, na hutoa ulalo wa fuwele kwa nukta hiyo. Kisha mwali husogea hatua moja na kazi huanza upya. Eneo la nusu milimita kwa nusu milimita, likisomwa kwa hatua ya mikromita moja, lina nukta 250,000. Kwa kasi ya nukta 500 kwa sekunde, hilo ni jambo la dakika nane hivi. Ndani ya dakika hizo umepata ramani ya mamia ya chembe, kila moja kwa rangi inayoonyesha ulalo wake. Kwa desturi nyekundu, kijani na buluu hutumika kwa mielekeo mitatu mikuu ya fuwele.

Rangi hizo zina udanganyifu wake. Ramani ya kawaida huonyesha ni mwelekeo gani wa fuwele unaotazama upande mmoja uliochaguliwa, kwa mfano juu. Fuwele mbili zinaweza kutazama juu sawasawa huku moja imezungushwa nyuzi 40 kuhusu mhimili huohuo, na zote mbili zikapata rangi moja. Kwa sababu hiyo mipaka ya chembe haichorwi kwa kufuata rangi, bali kwa kupima tofauti kamili ya ulalo kati ya nukta na jirani yake. Tofauti inayozidi nyuzi 15 huhesabiwa kuwa mpaka kamili wa chembe, na iliyo chini ya hapo ni mpaka mdogo uliomo ndani ya chembe.

Udhaifu wa pili ni kwamba mikanda hutoka kwenye tabaka la juu lenye unene wa makumi machache tu ya nanomita. Shaba ni laini, na karatasi ya msasa huacha chini ya mikwaruzo eneo lililovurugika lenye kina kikubwa kuliko hapo. Ukiisugua mpaka ing'ae kama kioo bado unaweza kupata mikanda iliyofifia, au usipate kitu. Kwa hiyo hatua ya mwisho huwa ni kung'arisha kwa umeme ndani ya asidi ya fosfori, au kusugua kwa saa nyingi kwa vumbi laini sana la silika. Ramani ikionyesha mistari iliyonyooka inayokata chembe moja hadi nyingine bila kujali mipaka, hiyo si tabia ya shaba. Ni mikwaruzo, na kazi inapaswa kurudiwa kuanzia kwenye kung'arisha. Programu za kompyuta zina vitufe vya kusafisha nukta zilizokosa jibu kwa kuazima jibu la jirani. Kuvitumia kwa nukta chache kuna sababu, lakini kuvitumia kwa sehemu kubwa ya ramani ni kuchora chembe ambazo hazikupimwa.

Mahali vyombo viwili vinapokutana

EBSD haioni mtenguko hata mmoja. Inachokiona ni matokeo ya mitenguko mingi kwa pamoja, kwa sababu mitenguko ya aina moja ikijipanga katika ukuta, fuwele ya upande mmoja wa ukuta huzunguka kidogo ikilinganishwa na ya upande mwingine. Hesabu yake ni rahisi: umbali kati ya mitenguko ni hatua ya Burgers ikigawanywa kwa pembe ya mzunguko, pembe hiyo ikipimwa kwa radiani. Tuchukue ramani ya shaba iliyobanwa, yenye hatua ya mikromita moja, ambayo nukta mbili jirani zinatofautiana kwa nyuzi moja. Nyuzi moja ni radiani 0.0175. Gawanya 0.256 kwa hiyo, upate nanomita 15. EBSD inatuambia basi kwamba kati ya nukta hizo pana mitenguko inayotosha kujenga ukuta wa mistari iliyoachana nanomita 15. Umbali huo TEM inaweza kuuona. Kipande kikitolewa palepale na mistari ya ukuta ikapimwa, vyombo viwili vinakuwa vimehakikiana.

Tukiigeuza hesabu hiyo kuwa urefu, tofauti ya nyuzi moja kwa kila mikromita ni sawa na kilomita 68 za mitenguko katika milimita ya ujazo, na namba yenyewe hubadilika kidogo kulingana na aina ya mitenguko inayodhaniwa. Siku hizi ramani za namna hii huchapishwa kwa wingi, zikiwa na rangi za kuvutia na kichwa kinachosema ni wingi wa mitenguko. Kuna mambo mawili ambayo msomaji anapaswa kuyaangalia kabla ya kuziamini.

La kwanza ni kelele ya kipimo. EBSD ya kawaida hukosea ulalo kwa kiasi kinachoweza kufikia nusu nyuzi. Kwa hatua ya mikromita moja, kosa hilo peke yake linazaa kilomita 34 za mitenguko isiyokuwepo. Mtu akipunguza hatua hadi sehemu moja ya kumi ya mikromita akidhani anaongeza ubora, kosa lilelile sasa linagawanywa kwa umbali mfupi mara kumi, na mitenguko ya uongo inafikia kilomita 340. Shaba laini kabisa itaonekana kama imefuliwa. Njia ya kugundua hili ni kupima kwanza fuwele ambayo haikupindwa, kwa vigezo vilevile: chochote ramani itakachoonyesha hapo ni kelele. Mwaka 2006 kikundi cha Angus Wilkinson kilionyesha kwamba ukilinganisha picha za mikanda zenyewe kwa makini, badala ya kutafuta pembe za kila picha kivyake, kosa hushuka hadi karibu elfu sita za nyuzi moja. Gharama yake ni kuhifadhi kila picha na kuipigia hesabu kwa muda mrefu.

La pili ni zito zaidi, na usahihi wowote wa chombo hauliondoi. Mtenguko mmoja ukizungusha fuwele kwenda kulia, na jirani yake wa kinyume akaizungusha kwenda kushoto, jumla ni sifuri. Ikiwa wote wawili wamo katikati ya nukta mbili za ramani, EBSD haina habari kwamba wapo. Inachohesabu ni baki tu baada ya wa kulia kufuta wa kushoto. Tuseme ndani ya chembe ileile TEM imehesabu mistari yote ikapata kilomita 500, ilhali ramani inasema 68. Hakuna aliyekosea. Kilomita 68 ndizo zilizopindisha fuwele, na 432 zilizosalia ni mitenguko ya kinyume iliyosongana bila kuacha mzunguko. Kwa swali la ugumu wote 500 wanahusika, kwa maana mtenguko unaotembea hukwama kwenye wenzake bila kujali ni wa upande gani.

Shaba inapolainika motoni

Faida ya kuunganisha macho haya mawili huonekana vizuri shaba iliyobanwa inaporudishwa motoni. Chukua bamba la shaba safi lililopitishwa kwenye mashine ya kubana mpaka unene wake ukawa nusu. Likipashwa hadi kama nyuzi 300 na kutolewa mapema, baadhi ya sehemu zake zitakuwa zimekwisha badilika na nyingine bado. Kinachosukuma badiliko ni nishati iliyohifadhiwa na mitenguko. Kwa kilomita elfu moja katika milimita ya ujazo, nishati hiyo ni ndogo kiasi kwamba ikigeuzwa joto lote ingeipasha shaba kwa chini ya nusu nyuzi. Hata hivyo inatosha kuifanya metali ijenge chembe mpya kabisa.

Ramani ya EBSD hutenganisha chembe hizo mpya na za zamani. Katika chembe iliyobanwa ulalo huyumba kutoka pembe moja hadi nyingine kwa nyuzi kadhaa. Katika chembe mpya ni mmoja, na mtawanyiko wake ni chini ya nyuzi moja au mbili. Ramani huonyesha pia zilipozaliwa: kwenye mipaka ya chembe za zamani na kwenye mikanda ambayo ulalo ulikuwa ukibadilika kwa kasi, si katikati ya chembe tulivu. Ndani ya chembe mpya za shaba huonekana vipande vyenye kingo mbili zilizonyooka sambamba. Hizo ni chembe pacha, ambazo ulalo wake umegeuzwa nyuzi 60 kamili kuhusu mhimili mmoja maalumu. Anayehesabu mipaka ya pacha atapata chembe ndogo na nyingi. Asiyeihesabu atapata kubwa na chache. Ripoti isiyosema ni ipi iliyofuatwa haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Lakini mtawanyiko mdogo wa ulalo hauthibitishi peke yake kwamba chembe ni mpya. Kabla chembe mpya hazijazaliwa, mitenguko ya kinyume hukutana na kufutana, na iliyobaki hujipanga katika kuta nadhifu. Katika alumini hatua hii ni kubwa. Katika shaba ni ndogo, kwa sababu zile nusu mbili za kila mtenguko haziuruhusu kuhama tabaka kwa urahisi. Wakati huo ramani ya EBSD inaweza kubaki karibu vilevile, maana waliofutana ndio wale ambao haikuwa ikiwaona, huku TEM ikionyesha chumba kilichojaa vurugu kikisafishika. Chumba kama hicho, kikiwa kimezungukwa na mpaka wa nyuzi tatu, ni kipande cha chembe ya zamani kilichotulia. Kikizungukwa na mpaka unaozidi nyuzi 15 na ndani yake TEM isikute karibu mstari wowote, hapo ni chembe mpya kweli.

Ili kupata jibu hilo mahali hasahasa panapotakiwa, maabara huanza na ramani, huchagua mpaka mmoja kati ya chembe mpya na ya zamani, kisha huchonga hapo ubapa wa mikromita chache kwa mwali wa ioni za galiamu na kuuhamishia kwenye TEM. Ioni hizo nazo hujeruhi shaba, zikiacha madoa madogo meusi yanayofanana na vitanzi vidogo vya mitenguko. Yakiwa yametapakaa sawasawa pande zote mbili za mpaka, hata ndani ya chembe mpya iliyopaswa kuwa safi, yametoka kwenye kuchonga. Kusafisha ubapa kwa ioni za volti chache huyapunguza.

Kwa msomaji atakayekutana na picha hizi katika ripoti ya kiwanda, tasnifu au gazeti la sayansi, maswali ya kuuliza ni machache. Kwa picha ya TEM: ni matabaka gani yaliyotumika, na ni visahani vingapi vilivyotazamwa? Mistari isiyoonekana kwa matabaka hayo bado ipo, na kisahani kimoja ni dirisha moja tu. Kwa ramani ya EBSD: hatua ilikuwa na urefu gani, fuwele isiyopindwa ilitoa kiasi gani cha kelele, na je, mwandishi amesema wazi kwamba mitenguko anayoihesabu ni ile ya baki pekee? Palipo na majibu hayo, kilomita zinazotajwa zinaweza kutumika kueleza kwa nini waya ulikataa kupinda mara ya pili. Yanapokosekana, kilichochapishwa ni rangi tu.